Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Mji Wetu: Moto wa Dampo Uko Chini, Maji ya Juu Hayaufikii

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, na Ndugu Mkurugenzi wa Mji,

Salaam kwenu nyote, na poleni na majukumu.

Mimi ni mkazi wa mtaa ulio upande wa bondeni wa dampo la mji. Kabla ya kustaafu nilikuwa msimamizi wa mitambo kwenye kazi za barabara, kwa hiyo kuchimba, kumwaga kifusi na kushindilia udongo ni mambo niliyoyafanya kwa miaka mingi. Nawaeleza hili mapema ili mjue kwamba ninachokiomba hapa nimekipigia hesabu kwa kipimo cha mitambo na tipa, wala si kilio kitupu. Kilio mmeshakisikia. Mwenyekiti wetu wa mtaa amekileta, mtendaji wa kata amekiandika, na akina mama wamekuja hadi kwenye viwanja vya Halmashauri na watoto mgongoni. Kila mara mlitusikiliza kwa heshima, na kila mara moshi ulirudi.

Naandika kueleza kwa nini umekuwa ukirudi, na kwa nini naamini unaweza kukomeshwa kwa vifaa ambavyo Halmashauri inavyo au inaweza kukodi, iwapo kazi itaanza sasa, masika yakiwa yanaisha, kabla kiangazi hakijakausha lile rundo lote.

Nianze na jambo dogo ambalo limeleta kutoelewana kati yetu na wataalamu wenu. Karibu kila ujumbe wa Halmashauri uliokuja dampo umefika kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Wakati huo jua limeshapasha ardhi, hewa ya chini imepata joto na inapanda, na moshi unapanda nayo. Ukisimama pale utauona ukielea juu, umetawanyika, na si rahisi kuamini kwamba watu hawalali kwa ajili yake. Ndiyo maana taarifa zikaandikwa kwamba hali ni ya wastani. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa kuanzia magharibi, na hewa iliyo karibu nayo hupoa na kuwa nzito, huku ile ya juu ikibaki na joto na kuifunika. Moshi unaotoka dampo hukosa pa kupandia. Huteremka bondeni taratibu na kutanda mitaani kwetu kwa kimo cha madirisha. Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha na nyavu za mbu, hazina vioo vya kufunga. Kuanzia saa tatu usiku hadi jua lichomoze, moshi huo ndio tunaolala nao. Tunaomba ukaguzi unaofuata ufanyike saa kumi na moja alfajiri, na uanzie kwenye vyumba wanamolala watoto ndipo mpande dampo.

Sasa nije kwenye moto wenyewe.

Kiangazi kilichopita gari la zimamoto lilikuja mara kadhaa. Vijana wale walifanya kazi ngumu na nawashukuru. Walimwaga maji, mvuke mweupe ukapanda, moshi ukapungua, wakaondoka, na baada ya siku chache tukawa palepale. Sababu ni kwamba moto tunaouona juu si moto wenyewe. Dampo letu linaungua kwa chini, mita moja, mbili, pengine tatu kutoka juu. Linaungua kama tanuri la mkaa: hewa kidogo, hakuna ndimi za moto, joto linakula taratibu na kusogea kutoka sehemu hadi sehemu kwa wiki na miezi. Maji yakimwagwa juu hayashuki sawasawa. Takataka zimejaa mifuko, viroba na nailoni zilizolaliana kama vigae, kwa hiyo maji hupata njia chache tu za kupita. Hushuka kwa njia hizo, hukosa sehemu inayoungua, na kutokea chini yakiwa maji meusi yanayoelekea kwenye kijito chetu. Tunabaki na moto uleule na uchafu mpya majini.

Mchoma mkaa yeyote anajua kwamba tanuri halizimwi kwa kumwagia maji juu, bali kwa kuziba matundu yote hewa isiingie. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa dampo letu. Juu pamefunikwa mara moja moja, mgeni mkubwa anapokuja. Lakini ule ubavu wa bondeni, ambako magari yamekuwa yakisukumia taka kwa miaka, ni mteremko mkali ulio wazi kabisa. Hewa inaingia kwa ubavuni, inavutwa na joto kwenda ndani na juu, na moshi unatokea kwenye nyufa za juu. Ukifunika juu tu na kuacha ubavu wazi, umelipunguzia tanuri matundu, hujalizima.

Afisa Mazingira anaweza kuyathibitisha haya bila chombo cha gharama. Atembelee dampo alfajiri, hasa baada ya mvua, aangalie ni wapi mvuke unatoka na wapi hautoki. Ajihadhari na mahali ardhi ilipobonyea ghafla au ilipopasuka, kwa sababu chini yake taka zimeshaungua na pamebaki uvungu. Mtu anaweza kutumbukia. Majani yaliyokauka kwa duara wakati ya jirani ni mabichi, na utomvu mweusi wenye harufu ya lami kwenye nyufa, ni dalili nyingine. Kisha achukue nondo ya mita moja na nusu, aichomeke pembezoni mwa eneo hilo, aiache dakika kumi na aichomoe akiwa amevaa glavu. Taka zinazooza kawaida huwa na joto, nyuzi 40 hadi 60 hivi, na nondo itatoka ya vuguvugu au ya moto kidogo. Ikitoka haishikiki na inanuka moshi, moto uko hapo. Kwa njia hiyo mipaka ya moto inaweza kuchorwa kwa vigingi ndani ya asubuhi mbili tatu. Jambo hili halijawahi kufanyika, nalo ndilo la kwanza, kwa sababu hakuna anayeweza kukadiria gharama ya kuzima moto asioujua ukubwa wake.

Kwa kuangalia kwa macho tu kutoka kwenye njia ya juu, eneo linalotoa moshi kwa kudumu lina urefu wa kama mita 30 na upana wa mita 20. Tuseme moto umeshuka mita tatu. Hizo ni meta za ujazo 1,800 za taka zenye moto. Vipimo vya kweli vikipatikana hesabu itabadilika, lakini njia ni ileile, nami naomba mnivumilie niieleze kwa hatua.

Kwanza panatayarishwa uwanja wa kupozea, kwenye ardhi tupu au sehemu ya dampo iliyokwisha kufunikwa na isiyo na joto, wenye ukubwa wa kama meta za mraba 1,000. Kijiko kinaanza kuchimba kutoka juu, upande upepo unakotokea, kikichukua tabaka baada ya tabaka. Kisianzie chini ubavuni hata siku moja. Rundo la taka lililokatwa miguu huporomoka, na sote tunakumbuka dampo la Kiteezi jijini Kampala lililoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, wakiwemo waliokuwa wakiishi chini yake. Mitaa yetu nayo iko chini ya dampo.

Kijiko kinapofunua, hewa inaingia ghafla na taka zinaweza kuwaka ndimi papo hapo. Kwa hiyo boza la maji lazima liwe tayari pale pale, na hapa sasa maji yana kazi, maana yanaufikia moto uliofunuliwa. Taka zinabebwa kwa tipa hadi uwanja wa kupozea, zinasambazwa zikiwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita 30, zinanyunyiziwa maji, zinageuzwa, na zinaachwa hadi kesho yake. Anapita mtu na ile nondo. Zikiwa zimepoa zinarudishwa kwenye shimo lililokwisha kuzimwa na kushindiliwa. Kijiko kimoja kikifanya kazi kwa uangalifu kinaweza kuhamisha meta za ujazo 300 kwa siku, na tabaka la sentimita 30 kwenye uwanja wa meta za mraba 1,000 ni hizohizo 300. Kwa meta 1,800 hiyo ni kazi ya siku sita za kuchimba, na ukiweka nafasi ya kupoza, kuharibika kwa mtambo na siku za mvua, tuseme wiki mbili hadi tatu.

Baada ya hapo ni kufunika. Eneo la mita 30 kwa 20 likifunikwa kwa udongo wa sentimita 60 baada ya kushindiliwa, ni meta za ujazo 360. Udongo husinyaa ukishindiliwa, kwa hiyo zinahitajika kama 450, sawa na tipa 45 za meta kumi kila moja. Ubavu wa bondeni nao ulazwe, usiwe ukuta kama ulivyo sasa. Kwa kila mita moja ya kwenda juu uwe na mita tatu za kwenda mbele, ili tingatinga liweze kupita na kuushindilia. Huko udongo utahitajika mwingi zaidi kuliko juu, na sitaki kuwapa tarakimu kabla mpima hajaupima. Uwe udongo wa mfinyanzi au kichanga chenye mfinyanzi wa kutosha. Mchanga mtupu na vipande vya matofali hupitisha hewa, na tutakuwa tumetumia fedha kulisha moto.

Naomba jambo moja lizingatiwe kwa uzito wakati wa kazi hiyo: moshi utaongezeka. Siku za kufunua zitakuwa mbaya kuliko siku za kawaida, nasi wakazi tunapaswa kuambiwa mapema na mtaa kwa mtaa. Kazi ifanyike kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, hewa inapopanda, na isifanyike jioni kwa hali yoyote. Ratiba ipangwe wakati wa likizo ya shule, kwa sababu ya shule ya msingi iliyo chini ya mteremko. Wenye pumu na wajawazito wajulishwe na zahanati ili anayeweza kwenda kwa ndugu aende. Dereva wa kijiko awe kwenye kibanda kilichofungwa, na wasaidizi wapewe vinyago vya kuzuia vumbi laini pamoja na kifaa cha kupima kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua mtu kimya kwenye shimo la moto. Vitambaa vya kufunga puani havizuii gesi hiyo, wala havitoshi kwa vumbi laini.

Tukiishia hapo, mwakani nitaandika barua nyingine. Moto uliwashwa na kitu, na kitu hicho kinaingia dampo kila siku.

Nimezungumza na madereva wa magari ya taka, na hata waokota chupa na vyuma wanaoshinda pale. Wote wanataja vyanzo viwili. Cha kwanza ni jivu. Mamantilie, wauza chipsi na wachoma nyama hufunga kazi usiku na kumwaga jivu la mkaa kwenye kizimba cha taka. Jivu hutunza kaa la moto kwa saa nyingi. Kwa nje ni la kijivu na limepoa, kwa ndani lina uhai. Alfajiri gari linalizoa pamoja na maboksi na majani makavu, linalitikisa njiani likipata upepo, na linalimwaga dampo. Madereva wamewahi kufika getini mzigo ukiwa tayari unafuka. Kwa kuwa hakuna maelekezo ya nini wafanye, humwaga palepale na wenzao, ili gari lisiungue. Siwalaumu.

Dawa yake ni nyepesi. Kila kizimba cha sokoni na cha stendi kiwekewe pipa la chuma lenye mfuniko, la jivu peke yake, na jivu hilo lilale siku nzima na kumwagiwa maji kabla ya kupakiwa. Getini patengwe mahali pa udongo mtupu, mbali na taka nyingine, pa kumwagia mzigo wowote unaofuka. Uzimwe hapo kwa maji na udongo, na uruhusiwe kuingia kesho yake. Mlinzi wa geti anahitaji kuelezwa tu, na kupewa mamlaka ya kumsimamisha dereva.

Chanzo cha pili ni waya na matairi. Baadhi ya vijana huchoma nyaya ili kupata shaba, na matairi ili kupata waya wa chuma. Moshi wao ni mweusi na mkali kuliko wote, kwa sababu ganda la waya likiungua hutoa tindikali inayochoma koo na macho, pamoja na sumu za dioksini ambazo hazipotei upesi. Hutua udongoni, kuku huzichakura, na huonekana kwenye mayai. Hili liliripotiwa mwaka 2005, baada ya kupimwa mayai ya kuku wa karibu na dampo la Dandora, Nairobi. Sisi nasi tunafuga kuku chini ya dampo.

Nawasihi msiwafukuze vijana hawa. Mkiwafukuza mchana watarudi usiku, na watachoma usiku, wakati ambao ni mbaya kwetu kuliko wote. Isitoshe, chupa na vyuma wanavyoviondoa ni mzigo ambao Halmashauri ingelipia kuubeba. Wasajiliwe, wapewe kivuli na mahali pa kuchambulia, na wapewe visu na koleo za kumenyea waya. Kisha wanunuzi wa vyuma chakavu mjini, ambao nyote mnawajua na wanahitaji vibali, waambiwe kwamba shaba iliyochomwa haipokelewi. Hakuna atakayeshindwa kuitambua. Shaba iliyomenywa ina mng'ao, na iliyochomwa imekuwa nyeusi na inavunjika kwa urahisi. Ikikosa mnunuzi hakuna atakayejisumbua kuichoma.

Halafu kuna udongo wa kila siku, na hapa ndipo naomba Waheshimiwa Madiwani mnisikilize zaidi, kwa sababu ni suala la bajeti. Kwa sasa magari humwaga taka popote dereva anapoona pana nafasi, kwa hiyo eneo lote liko wazi na haliwezi kufunikwa. Tukitenga kila siku sehemu moja tu ya kumwagia, tuseme mita 15 kwa 10, taka zikasambazwa na kushindiliwa na tingatinga, tabaka la udongo la sentimita 15 jioni ni kama meta za ujazo 23, yaani tipa mbili hadi tatu. Udongo huo unakata njia ya hewa kati ya taka za jana na za leo. Moto ukianza sehemu moja hauna pa kwenda. Unapunguza pia inzi, na harufu, na makaratasi yanayopeperuka hadi makaburini.

Nimewahi kujibiwa kwamba udongo ni ghali. Mji huu unajengwa kila upande. Kila msingi unaochimbwa unatoa udongo, na kila mtaro wa barabara unaosafishwa unatoa udongo, na wenye tipa wanahangaika pa kuumwaga hadi wanaumwaga kwenye mikondo ya maji. Halmashauri inayotoa vibali vya ujenzi inaweza kuelekeza udongo huo upelekwe dampo, bila malipo getini, na urundikwe karibu. Gharama inayobaki ni mafuta na tingatinga. Kama tingatinga haliwezi kuwepo kila siku, liwepo Jumatano na Jumamosi. Udongo wa mara mbili kwa wiki si kama wa kila siku, lakini ni mbali sana na udongo wa mara moja kwa mwaka. Wananchi wanalipa ada ya taka kila mwezi. Naomba sehemu ya ada hiyo ionekane kwenye kifungu kinachosema waziwazi kufunika taka, ili tuweze kuuliza imetumikaje.

Najua wapo kati yenu wanaofikiri suluhisho ni kuhamisha dampo. Wakazi wenzangu wengi nao wanalitaka hilo, na sijifanyi kutofurahia siku litakapofungwa. Ila nawaomba tuitazame historia ya Dar es Salaam. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulalamikia dampo lililokuwa likifuka moshi katikati ya makazi yao, katika kesi ya Joseph Kessy na wenzake, na mahakama ikaamuru lisitumike. Halmashauri ya Jiji ikawa inaomba kuongezewa muda, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akieleza kwamba mamlaka ya umma haiwezi kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaliunganisha jambo hilo na haki ya kuishi iliyo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka huohuo wa 1991 wakazi wa huko, Balegele na wenzake zaidi ya mia saba, wakaenda mahakamani kwa sababu zilezile, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila palipohamiwa, taka zilimwagwa karibu na watu.

Kuhama peke yake huhamisha moshi. Dampo jipya litakuwa na miaka miwili mitatu ya utulivu hadi rundo liwe kubwa, kisha jivu litaingia, ubavu utabaki wazi, na watu wa huko watawaandikia barua kama hii. Tena hata likihamishwa kesho, la kwetu litaendelea kuungua kwa chini bila gari hata moja kuingia, maana chakula cha moto kimeshajaa ndani. Kwa hiyo kuzima na kufunika ni kazi ambayo haikwepeki, iwe tunabaki au tunahama.

Kuhusu afya sitasema zaidi ya ninachokijua. Ninajua kwamba watoto wa mtaani kwetu wanakohoa kuanzia Julai hadi mvua za vuli, na kwamba jirani yangu mwenye pumu hulala ameketi. Sijui ni kiasi gani cha hayo kinatokana na dampo na kiasi gani kinatokana na majiko ya mkaa na vumbi la barabara, na hakuna anayejua, kwa kuwa hakuna aliyepima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka vumbi lile laini kabisa, linalopenya hadi ndani ya mapafu, lisizidi mikrogramu 15 kwa meta moja ya ujazo wa hewa kwa wastani wa saa 24. Naomba Halmashauri iliandikie Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lije na vipimo vikae mtaani kwetu usiku na mchana, kabla ya kazi ya kuzima na baada yake. Naomba pia Mganga Mkuu atoe hesabu ya wagonjwa wa kifua kwa kila mwezi na kwa kila mtaa kutoka kwenye vitabu vya zahanati. Majina hayahitajiki. Tukiona idadi ya mitaa ya bondeni inapanda moshi unapopanda, na ya mitaa ya upande wa pili haipandi, tutakuwa tumejua jambo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Naitaja kwa sababu ndiyo msingi wa kuwaandikia. Sina nia ya kuwatisha kwa kesi. Ningependa fedha ambazo zingekwenda kwa mawakili ziende kwenye mafuta ya tingatinga.

Mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na kiangazi kinaanza nao. Naomba suala hili liwe ajenda kwenye kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na kabla ya kikao hicho Afisa Mazingira awe ameshachora mipaka ya moto kwa vigingi ili mjadili eneo linalojulikana. Naomba mapipa ya jivu na mahali pa mizigo inayofuka getini viwe vimeanza hata kabla ya kikao, kwa sababu havihitaji kupitishwa na mtu yeyote zaidi ya Mkurugenzi. Na naomba jibu la maandishi, libandikwe kwenye ofisi za mitaa mitatu ya bondeni, likisema ni lini kijiko kitakuja, kitakaa siku ngapi, na udongo utatoka wapi. Kama hesabu zangu zina kasoro, mhandisi wenu azisahihishe hadharani. Nitafurahi kusahihishwa na mtu aliyekwenda na nondo mkononi.

Mimi na wazee wengine wawili waliowahi kufanya kazi za mitambo tuko tayari kusaidia kupima na kusimamia, bila malipo, siku yoyote mtakayotuita. Mwenyekiti wa mtaa anajua pa kutupata.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mkazi wa mtaa wa bondeni, chini ya dampo

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa, Mtendaji wa Kata, Afisa Mazingira wa Mji, Mganga Mkuu wa Mji